Ule umanjano si usaha

Mtoto akitahiriwa Ijumaa, simu huwa nazipokea Jumatatu. Bandeji imeshatolewa, mama kamkunjulia kijana kikoi amtazame, na pale kwenye kichwa cha uume anaona utando wa manjano. Hapo ndipo nyumba nzima inaposema: "Keshatunga usaha."

Mimi ni muuguzi hapa Pemba, na hii ndiyo dhana inayowatesa watoto bure kuliko nyingine zote. Kwa wavulana wengi, ile ngozi iliyokatwa ilikuwa imegandana na kichwa cha uume. Ikishabanduliwa, sehemu ile hubaki mbichi, na kwa kuwa ina unyevunyevu haifanyi gaga kavu kama goti lililochubuka. Mwili huifunika kwa utando laini wa manjano au mweupe. Utando huo umeshikamana, hautiririki, haunuki vibaya, na huondoka wenyewe baada ya siku kadhaa.

Usaha ni mzito, unatoka na unarudi ukiupangusa, na mara nyingi unanuka. Tena hauji peke yake. Wekundu unapanda kuelekea shina la uume au kinena, joto la mwili linafika 38 au zaidi, na maumivu yaliyokuwa yakipungua yanaanza kuzidi baada ya siku ya tatu. Ukiona hayo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Niliwahi kuitwa kumtazama kijana wa miaka 7. Bibi yake, kwa mapenzi tu, alikuwa akiusugua ule utando kwa pamba na spiriti asubuhi na jioni. Kila akisugua, damu inatoka. Mtoto akisikia mlango tu analia. Nikamwambia, "Bibi, chini ya hiki unachokitoa ndipo ngozi mpya inapotaka kuota." Tukaacha pamba na spiriti. Tukamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, dakika kumi, mara mbili kwa siku, bila kusugua. Kisha vaselini safi kwenye shashi ili kidonda kisigande na nguo. Siku ya kumi utando haukuwapo, na chini yake ngozi imekuwa ya waridi.

"Kavimba, basi kidonda kimeharibika." Uvimbe unatarajiwa. Chini ya kichwa cha uume, pale penye nyuzi, ngozi hujaa ikawa kama bangili. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, halafu hupungua polepole, hata wiki mbili. Cha kuogopa ni mtoto kutokojoa kwa saa 12, au kichwa cha uume kugeuka rangi ya samawati au nyeusi: huenda bandeji imekaza mno. Hilo halisubiri kesho. Anayeogopa kukojoa kwa sababu ya kuchoma tu, mwache akojoe ndani ya beseni lenye maji ya uvuguvugu.

"Mwanamume hapewi dawa ya maumivu, avumilie." Mtoto mwenye maumivu halali, hali, na anabana mkojo. Mpe parasetamoli. Mwenye kilo 20 anapata nusu ya kidonge cha miligramu 500 kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Siku mbili za mwanzo usingoje alie kwanza. Aspirini usimpe kabisa: inazidisha kutoka damu na ina hatari zake kwa watoto.

Kumpeleka pwani eti chumvi ya bahari itakausha, msubirishe mpaka kidonda kifunge.

Lililobaki ni damu, na hapa watu hukimbilia jivu au unga wa kahawa. Vitu hivyo huingiza uchafu kwenye kidonda, na uchafu unaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Doa dogo kwenye shashi siku ya kwanza si tatizo. Damu ikidondoka mfululizo, chukua shashi safi, zungushia pale inapotoka, ubane kwa vidole kwa dakika kumi za saa, bila kufunuafunua. Kufunua kila dakika ndiko kunakoing'oa damu iliyokwisha kuganda. Dakika kumi zikiisha na damu bado inatoka, endelea kubana na muondoke kwenda hospitali hivyohivyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na kama mjomba wa mtoto, au kaka yake, aliwahi kutoka damu isiyokoma alipong'olewa jino au alipotahiriwa, mwambieni daktari kabla ya mtoto kutahiriwa. Kuna maradhi ya damu kutoganda ambayo mama huyabeba bila yeye kuumwa, na yakamtokea mwanawe wa kiume siku hiyo.