Je, wajua? Enterokoka anabadilisha mkia tu, vankomaisini inabaki haina pa kushika

"Hivi inakuwaje vankomaisini inashindwa na enterokoka wakati bakteria mwenyewe haivunji dawa wala haitemi nje?"

Dawa haijaguswa, iko vilevile kama ilivyotoka kwenye chupa. Kilichobadilika ni kile kitu ambacho dawa huwa inakishika.

Tuanze na ukuta. Enterokoka, bakteria anayeishi utumboni, amezungukwa na ukuta mnene, na huo ukuta haujengwi mara moja ukaisha, kila akitaka kukua au kugawanyika lazima aongeze matofali mapya. Matofali anayatengeneza ndani ya seli, halafu anayapitisha kwenye utando hadi nje, huko nje ndio yanaunganishwa. Sasa kila tofali linatoka likiwa na mkia mfupi wa asidi amino tano zilizofuatana, na mbili za mwisho zinafanana, D-alanini na D-alanini tena. Hapo kwenye hizo mbili ndipo mchezo wote ulipo.

Vankomaisini ni antibayotiki yenye molekuli kubwa, haiingii ndani ya seli kabisa, inasubiri nje. Tofali likitokeza tu inaudaka mkia kwa vifungo vitano vya haidrojeni, wewe fikiria kiganja kimefumba kwa vidole vitano. Tofali likishikwa hivyo vimeng'enya vya kuunganisha ukuta havilifikii, kazi inasimama. Na hapa ndipo inapotofautiana na penisilini, maana penisilini inamkaba fundi (yaani kimeng'enya chenyewe) na fundi anaweza kubadilika umbo kidogo akaponyoka, lakini vankomaisini inashika tofali, na tofali halitokani na jeni moja ambayo unaibadilisha herufi mbili tatu basi yameisha, linapita kwenye mlolongo mzima wa kazi. Ndio maana dawa ilianza kutumika 1958 na ripoti za kwanza za enterokoka sugu zikatoka 1988, zikiwa zimetoka Ufaransa na Uingereza. Miaka thelathini, kwa antibayotiki ni umri mrefu sana huo.

Kwa hiyo bakteria sugu alifanya nini? Ile D-alanini ya mwisho kabisa akaiondoa akaweka D-laktati, molekuli ndogo inayofanana nayo. Ukizichora hizo mikia mbili kwenye karatasi ukaziweka pamoja utatafuta tofauti mpaka uchoke, kwa sababu ni sehemu moja tu, palipokuwa na naitrojeni yenye haidrojeni yake sasa pana oksijeni. Basi. Umbo karibu lilelile, urefu uleule.

Lakini ile haidrojeni iliyokuwa pale ndiyo ilikuwa inashikwa na kidole kimojawapo, sasa haipo, vidole vimebaki vinne. Wengi wanaishia hapo kwenye maelezo na mimi pia nilidhani ndio sababu yenyewe, kumbe hiyo ni sehemu ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba oksijeni mpya imekaa uso kwa uso na oksijeni ya dawa, na zote mbili zina elektroni zilizojaa upande huo, kwa hiyo zinasukumana kama sumaku mbili ulizozigeuza vibaya. Kukosa kifungo kimoja kunapunguza mshiko kama mara 10, kule kusukumana kunapunguza mara 100 nyingine, ukizizidisha ni mara 1000. Maabara ya mkemia Dale Boger pale taasisi ya utafiti ya Scripps, Marekani, waliitumia hoja hiyohiyo kinyumenyume, wakaiondoa ile oksijeni upande wa dawa, na dawa iliyorekebishwa ikaanza kuishika mikia ya aina zote mbili.

Haya, kubadilisha mkia si kazi ya jeni moja. Aina inayoitwa VanA inabeba kifurushi kizima cha jeni kwenye kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. VanH anatengeneza D-laktati. VanA mwenyewe, kimeng'enya kilichoipa aina hii jina, anaiunganisha na D-alanini. Halafu kuna VanX, huyu ndiye ninayempenda, kazi yake ni kukata vipande vya zamani vya D-alanini na D-alanini kabla havijafika kwenye tofali. Bila yeye mpango mzima unaharibika, kwa sababu seli ingeendelea kutoa matofali ya kizamani yamechanganyika na mapya, na yale ya kizamani yanatosha kabisa kwa dawa kuyashika na kuuziba ujenzi.

Utauliza sasa ukuta wenye mikia ya ajabu si utakuwa dhaifu? Hapana bwana. Wakati tofali linaunganishwa na jirani yake kile kipande cha tano huwa kinakatwa na kutupwa, iwe D-alanini iwe D-laktati. Kwa hiyo ukuta ukishakamilika ni uleule wa siku zote, tofauti ilikuwepo njiani tu.

Na hizi jeni hazikai zimewashwa muda wote. Kuna mlinzi kwenye utando, VanS, akihisi vankomaisini iko karibu anampa taarifa VanR ndani, VanR anawasha kifurushi. Dawa ikiondoka vinazimwa, bakteria anarudi kwenye mkia wa kawaida. Kwenye aina nyingine ya usugu, VanB, mlinzi anaitambua vankomaisini lakini ndugu yake teikoplanini haimshtui, ndio maana majibu ya maabara yanaweza kuonyesha sugu kwa moja na si sugu kwa nyingine, si kwamba mtu kakosea kipimo. VanA kawaida inagoma kwa zote mbili, na wakati enterokoka wa kawaida anazuiwa na vankomaisini miligramu 4 kwa lita au chini ya hapo, VanA anaweza kukua kwenye 64 na wengine hata zaidi ya 1000.

Sasa kesi inayoonyesha mtambo huu ulivyo wa kweli. Mgonjwa amekaa kwenye vankomaisini wiki kadhaa, sampuli inaonyesha bakteria kwenye darubini lakini ukiotesha kwenye sahani hakuna kinachoota. Mtaalamu anaweka kidonge cha karatasi chenye vankomaisini katikati ya sahani, kesho yake anakuta koloni zimeota kukizunguka kile kidonge na kwingine kote peupe, yaani picha ya kawaida imegeuzwa. Kilichotokea ni kwamba bakteria alikuwa anaishi kwenye dawa muda wote kifurushi kikiwa kimewashwa, kile kimeng'enya chake cha asili cha kuunganisha D-alanini mbili akawa hakihitaji tena, kikaharibika kwa mabadiliko ya DNA na yeye asisikie chochote. Ukimwondolea dawa VanS ananyamaza, VanA anazimwa, na njia ya zamani nayo imekufa, kwa hiyo hana mkia wa aina yoyote wa kuweka kwenye tofali. Anahitaji vankomaisini ili ajenge ukuta! Kumsimamishia mgonjwa dawa hapo kunaweza kummaliza bakteria, ila si mara zote, wengine wanapata badiliko jingine linalomfanya VanS awashe jeni hata pasipo dawa, au kile kimeng'enya cha zamani kinapona, na hapo wanaota kwenye sahani yoyote utakayowapa.