Presha statiki si wingi wa hewa

Juzi tena, kwenye ofisi moja ya Ntinda, Kampala, fundi mwenzangu wa viyoyozi alinionyesha manomita, kile kipimo cha presha, akasema, "Presha iko juu, kwa hiyo hewa ipo tele." Wenye ofisi walikuwa wanajipepea kwa mafaili.

Presha statiki ni msukumo wa hewa kwenye kuta za dakti, yaani mfereji unaopitisha hewa, mwendo wake ukiwekwa kando. Hupimwa kwa paskali. Maana ni hiyo tu. Kinachotuponza ni jina. Statiki ni neno la Kigiriki linalohusu kusimamisha, na nimewahi kumkuta mtu amezima feni kwanza ndipo apime! Hewa haisimami, kinachoachwa nje ya hesabu ni kasi yake. Ndiyo maana ncha ya kipimo imezibwa mbele na ina vitundu ubavuni, na unaielekeza hewa inakotoka. Ukichomeka mpira mtupu uliokabili mkondo, umepima na kasi pia.

Pulizia mrija uliozibwa kwa kidole: mashavu yanatuna, hewa haitoki. Presha imepanda kwa sababu njia imebana.

Turudi Ntinda. Kibao cha mashine kiliruhusu paskali 125 za nje, yaani mzigo wa vyote vilivyo nje ya boksi la mashine. Tulitoboa tundu baina ya filta na mashine, tukasoma -110. Kwenye dakti ya kupeleka hewa, +45. Mwenzangu akatoa, akapata 65, akafurahi. Lakini alama ya kutoa inasema tu kwamba upande ule feni inavuta. Feni hiyo hiyo inavuta 110 na kusukuma 45, kwa hiyo mzigo wake ni 155.

Upande wa kuvuta ndio uliolemewa, basi tukapima kabla ya filta: -25. Filta peke yake ilikuwa inakula 85. Tulipoitoa ilikuwa na vumbi jekundu la muramu, nene kama blanketi. Tulipoweka mpya tukasoma -50 na +55, jumla 105. Tazama ile ya kusukuma: imepanda kutoka 45, kwa kuwa sasa hewa nyingi zaidi inapita kwenye dakti ile ile. Kama dampa za mbele, vile vilango vya kubana hewa, ndizo zingekuwa zimefungwa, ingekuwa kinyume: kusukuma juu, kuvuta chini.

Kuna mtego mmoja. Koili ikiwa ndani ya boksi na imejaa uchafu, vipimo vya nje vyote viwili hushuka, na jumla inapendeza wakati hewa imekatika. Ukiona jumla ndogo kuliko ilivyokuwa mashine ilipofungwa, na feni inazunguka vizuri, fungua uitazame koili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, tukiulizwa tusiseme "presha iko juu" tukanyamaza. Tuseme inavuta ngapi, inasukuma ngapi, na kibao kinaruhusu ngapi.