Soya imeacha nitrojeni kiasi gani shambani?

Mkulima akiniambia kwamba mwaka huu alipanda soya, kwa hiyo mahindi ya msimu ujao hayahitaji mbolea, humuuliza mambo mawili: vinundu vya mizizi vilikuwa na rangi gani ndani, na mabua yalikwenda wapi?

Rangi huangaliwa soya inapochanua. Chimbua miche michache kwa jembe. Ukiing'oa kwa mkono, vinundu vingi hubaki ardhini. Osha mizizi, kisha pasua kinundu kwa wembe. Wekundu unatokana na leghemoglobini, protini inayodhibiti oksijeni ili bakteria wanaoishi ndani ya kinundu wapumue bila kuharibu kimeng'enya kinachogeuza nitrojeni ya hewa kuwa amonia. Kikiwa cheupe ndani, bakteria wamo lakini hawazalishi kitu. Cha kijani kimezeeka. Usipoona vinundu kabisa, huenda udongo hauna bakteria wa soya, na hapo mbegu za msimu mwingine zichanjwe, yaani zipakwe bakteria hao, kabla ya kupandwa. Au udongo una naitreti tele, yaani nitrojeni iliyo tayari kufyonzwa, na mmea haukuona sababu ya kuwalisha bakteria sukari yake.

Sasa tuseme vilikuwa vyekundu, na hekta moja ikatoa tani 2. Punje za soya zina nitrojeni asilimia 6 hivi, kwa hiyo gunia zilipoondoka zilibeba kilo 120. Mmea mzima juu ya ardhi, punje pamoja na mabua na majani, tuukadirie kilo 160, na asilimia 60 ya hizo, yaani kilo 96, zitoke hewani. Zimeingia 96, zimetoka 120. Shamba limepungukiwa kilo 24, hata kama mabua yote yamerudishwa! Yakipelekwa kwa ng'ombe, pengo linafika kilo 64. (Mizizi sijaihesabu; nitrojeni yake hupunguza pengo hilo kidogo.)

Mbona basi mahindi yanayofuata soya hustawi kuliko yanayofuata mahindi? Kwa sababu soya ilichota udongoni kilo 64 tu, nyingine ikajitafutia. Tena majani yake huoza upesi, ilhali mabua ya mahindi yanapooza, vijidudu vya udongo huishikilia nitrojeni kwa muda. Magonjwa na wadudu wa mahindi nao hukosa mwenyeji kwa msimu mmoja. Soya imetunza nitrojeni zaidi ya kuiongeza. Anayetaka kuiongeza hasa apande marejea na kuifukia inapochanua, akubali kukosa mavuno msimu huo.

Mimi nikikuta vinundu vyekundu na mabua yamebaki shambani, hushauri mbolea ya kukuzia mahindi ipunguzwe, isifutwe. Majani ya chini ya mahindi yakigeuka manjano kuanzia nchani na kufuata mshipa wa kati, punguzo lilizidi.