Pipi za usingizi kwa mtoto wa miaka miwili: mwone daktari kabla ya kumpa melatonini

Maswali kuhusu melatonini yameongezeka katika famasia yetu ya watoto, na mengi huja na chupa ambayo tayari imefunguliwa. Imeletwa na shangazi kutoka Marekani, au imeagizwa kwenye Instagram na kufikishwa nyumbani kwa bodaboda. Ndani mna pipi laini za jeli zenye ladha ya stroberi, na mzazi anataka kujua ampe mtoto wake ngapi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu jibu letu ni kwamba asipewe hata moja mpaka daktari amwone. Najua jibu hilo linamchosha mzazi ambaye hajalala wiki nzima, kwa hiyo naomba nilieleze.

Melatonini ni homoni. Si vitamini, na si "dawa ya mitishamba", ingawa hayo mawili tunaambiwa dirishani karibu kila wiki. Hutengenezwa na tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo giza linapoingia, na mwanga unapoyaangukia macho, tezi hiyo hupunguza kasi. Mtoto mchanga huanza kupata mpangilio wake wa usiku na mchana akiwa na miezi 3 hivi, kwa hiyo mtoto mzima wa miaka miwili anayo ya kwake ya kumtosha. Kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba usiku umeingia. Haimlazi mtu kwa nguvu kama dawa za usingizi zinavyofanya, wala haimshikilii mpaka asubuhi: ile ya kawaida, inayoyeyuka mara moja, nusu yake huwa imeshatoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Ndiyo maana mzazi huona mtoto kalala haraka saa 2 usiku, kisha saa 8 usiku yuko macho tena analia. Kilichomwamsha hakikuwa ukosefu wa melatonini.

Sasa tuje kwenye chupa yenyewe. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, melatonini huuzwa kama nyongeza ya lishe, na nyongeza za lishe haziidhinishwi na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kabla ya kuingia sokoni. Uingereza homoni hiyo hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha vipimo vya maabara vya bidhaa 25 za pipi za aina hii zilizonunuliwa Marekani. Bidhaa 22 zilikuwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa zile zilizokuwa na melatonini, kiasi halisi kilianzia asilimia 74 ya kilichoandikwa hadi asilimia 347. Moja haikuwa na melatonini kabisa. Ilikuwa na kemikali itokanayo na mmea wa bangi. Uchunguzi wa mwaka 2017 nchini Kanada ulikuta serotonini, kemikali nyingine inayoathiri ubongo, katika bidhaa 8 kati ya 31. Kwa hiyo mzazi anaponisomea lebo na kuniuliza kama kiwango hicho kinafaa, ananiuliza kuhusu namba ambayo huenda haina uhusiano na kilichomo.

Nitumie mfano nilioujenga kutokana na watoto tunaowaona, pasipo kumlenga yeyote. Mvulana wa miaka 2 na miezi 4, kilo 12. Lebo inasema kila pipi ina miligramu 1. Mama alianza na moja, baada ya wiki akatoa mbili, na mtoto alipoamka usiku wa manane akaongeza ya tatu. Kwa lebo ni miligramu 3. Kama pipi zile ni za kundi la asilimia 347, mtoto amekula zaidi ya miligramu 10 kwa usiku mmoja. Asubuhi anaamka mzito, analala tena saa 4, anakataa uji, na jioni ni mkali. Mama anasema, "Daktari, imemzoea, haifanyi kazi tena. Nimwongezee?"

Daktari hakuanza na pipi. Alimwomba mama aandike kwa wiki mbili, kwenye daftari la kawaida, saa mtoto alipopanda kitandani, saa aliposinzia, kila alipoamka usiku na alichofanya, saa ya kuamka asubuhi, na kila usingizi wa mchana. Hakuna kipimo kingine kinachotusaidia kuliko daftari hilo. Aliuliza kama mtoto anakoroma na kulala mdomo wazi, dalili za nyama za puani; kama anakohoa usiku, maana pumu huanza hivyo; kama anajikuna, kwenye ngozi au sehemu ya haja kubwa, ambako minyoo midogo huwasha usiku; kama kuna mshtuko wa viungo unaojirudia kwa namna ile ile, jambo linalohitaji uchunguzi wa kifafa. Majibu yote yalikuwa hapana. Lakini daftari lilionyesha mambo mawili. Kwanza, mtoto alikuwa akilala mchana hadi saa 11 jioni. Pili, mama aliandika mara tano kwamba "anarusha miguu, ananisukuma".

Miguu isiyotulia usiku kwa mtoto wa umri huu humfanya daktari aulize chakula. Mtoto huyu alikunywa maziwa mengi ya ng'ombe, na kila mlo wa ugali uliambatana na chai ya rangi. Maziwa yalimshibisha bila kumpa madini chuma, na chai ilizuia kile kidogo kilichokuwa kwenye mboga kisifyonzwe. Himoglobini yake ilikuwa gramu 9.8 kwa desilita, wakati kwa umri wake chini ya 11 ni upungufu wa damu. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 9. Chini ya 12 akiba imekwisha, na kwa watoto wasiotulia usiku wataalamu wa usingizi hupenda ivuke 50. Upungufu wa damu si jambo geni kwetu, kwa maana zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wa umri wa miezi 6 hadi 59 wanao. Kila pipi aliyopewa mvulana huyu ilikuwa inachelewesha kugunduliwa kwa upungufu huo.

Pipi zikasimamishwa. Mtoto akapewa dawa ya maji ya madini chuma kwa kipimo cha uzito wake, kwa miezi kadhaa, na chai ikaondolewa kwenye milo. Usingizi wa mchana ukakomea saa 9 alasiri, na saa ya kuamka asubuhi ikawa ile ile kila siku, Jumapili pia. Taa kubwa ya sebuleni na televisheni vilizimwa saa moja kabla ya kulala. Wazazi hulidharau hili la taa, na naomba wasilidharau. Katika jaribio lililofanyika Marekani kwa watoto wa miaka 3 hadi 4, saa moja ya mwanga mkali jioni ilishusha melatonini yao wenyewe kwa zaidi ya asilimia 80, na dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa bado ilikuwa chini. Mzazi anayempa mtoto homoni kwa mkono mmoja na simu yenye katuni kwa mkono mwingine anajipinga mwenyewe.

Je, kuna mtoto mdogo ambaye melatonini inamfaa? Yupo. Umoja wa Ulaya ulisajili mwaka 2018 vidonge vidogo vya melatonini inayotoka polepole kwa watoto wa miaka 2 hadi 18 wenye usonji au ugonjwa adimu wa vinasaba uitwao Smith-Magenis, na kwa sharti kwamba mpangilio wa usingizi umejaribiwa kwanza ukashindikana. Kwa hao daktari huanza na miligramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla ya kulala. Ukomo ni miligramu 10. Vidonge hivyo havisagwi, maana ukikisaga unaharibu ule utokaji wa polepole. Baada ya miezi 3 daktari hupima kama kuna faida, na kama hakuna, anasimamisha. Kama ipo, mtoto huonwa angalau kila miezi 6. Ni homoni, na taarifa za matumizi ya miaka mingi kwa watoto bado ni chache, hasa kuhusu balehe. Mtoto chini ya miaka 2 hayumo kwenye usajili huo. Mtoto mwenye usonji anayeishi Dar es Salaam anastahili mpango huo huo wenye tarehe za kurudi kliniki, na mzazi wake asione aibu kuuomba.

Kuna hatari moja ambayo haihusu kipimo kabisa. Pipi ni pipi, na mtoto anazijua. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilihesabu taarifa za watoto waliomeza melatonini zilizofika kwenye vituo vya sumu: 8,337 mwaka 2012, na 52,563 mwaka 2021. Wengi hawakupata dalili. Lakini katika miaka hiyo 10 watoto 5 waliwekwa kwenye mashine ya kupumulia, na wawili walifariki, wote wakiwa chini ya miaka miwili.

Ukikuta chupa iko wazi na hujui amekula ngapi, usimtapishe. Usimpe maziwa, maziwa hayakati sumu, na tumelisema hilo mpaka tumechoka. Mtoto anayesinzia anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu, angalia kifua kinapanda na kushuka, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu pamoja na chupa yenyewe, hata kama imebaki tupu. Tunataka kujua jina, miligramu zilizoandikwa, pipi ngapi zilikuwemo na saa ngapi ulimwona mara ya mwisho akiwa mzima. Asipoamka unapomtikisa, au akipumua kwa kukatika, usisubiri usafiri wa bei nafuu.

Kuhusu wauzaji: Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inakataza kuuza dawa isiyosajiliwa na mamlaka ya dawa ya Tanzania, TMDA, na muuzaji anawajibika hata kama duka lake ni ukurasa wa mtandaoni. Tangu 2019 masuala ya chakula yako kwa shirika la viwango, TBS, na wapo wanaodhani neno "lishe" kwenye lebo linawapa njia ya kupita katikati. Mwombe muuzaji namba ya usajili na risiti. Asipokuwa navyo, usinunue.

Mtoto aliyepata madhara baada ya kupewa melatonini, iwe usingizi usioisha asubuhi, kutapika, ndoto za kumtisha au kukojoa kitandani wakati alishaacha, taarifa yake hujazwa na mhudumu wa afya kwenye fomu ya njano ya TMDA. Fomu inataka umri na uzito wa mtoto, jina la bidhaa, namba ya toleo iliyopigwa chini au ubavuni mwa chupa, tarehe ya kuanza na kuacha, dawa nyingine anazotumia, na dalili zilivyoanza. Namba ya toleo ndiyo wazazi huikosa zaidi, kwa sababu chupa imetupwa. Itunze mpaka fomu ijazwe.