Milioni moja kwa kila siku ya kuchelewa: mahakama itakupa kiasi gani?

Karibu kila mkataba wa ujenzi unaoletwa ofisini kwangu una sentensi moja inayofanana: mkandarasi akichelewa kukabidhi jengo, atalipa shilingi kadhaa kwa kila siku. Mwenye mali huiamini sentensi hiyo kama hundi iliyokwisha kusainiwa. Siku zikipita anazidisha, anapata jumla, na kuja kuniambia nidai kiasi hicho, kwa kuwa mkandarasi mwenyewe alikubali kwa hiari yake na kuweka sahihi.

Chini ya sheria ya Tanzania, sahihi hiyo haitoshi. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba mkataba ukivunjwa, na ndani yake kuna kiasi kilichotajwa cha kulipwa au sharti lolote la adhabu, anayelalamika ana haki ya kupata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, hata kama hasara halisi haikuthibitishwa. Kiasi mlichoandika ni dari. Mahakama haiwezi kwenda juu yake, lakini chini yake ina uwanja mpana, na inaweza kushuka mbali sana.

Kwa sababu hiyo hatuna sana ule ubishi unaojaza vitabu vya Kiingereza, kwamba je, kiasi hiki ni fidia iliyokadiriwa kwa nia njema au ni adhabu ya kumtisha mtu? Kifungu chetu kilitoka kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika kabla hatujatunga ya kwetu mwaka 1961, na waliokiandika walikusudia kuuondoa ubishi huo. Ukiita adhabu, ukiita fidia, unapelekwa kwenye swali lile lile: fidia ya haki hapa ni ipi?

Kuna maneno ndani yake yanayowapoteza wengi, hata mawakili: “hata kama hasara halisi haikuthibitishwa”. Mtu akiyasoma haraka anadhani amesamehewa kuleta ushahidi. Mahakama ya Juu ya India iliyafafanua vizuri mwaka 1963 katika shauri la Fateh Chand, na kwa kuwa kifungu ni ndugu wa chetu, uamuzi huo husomwa huku kwa heshima. Mtu alikubali kununua nyumba na kiwanja huko Delhi kwa rupia 112,500. Alilipa 1,000 kama arubuni, kisha 24,000 alipokabidhiwa nyumba akae. Mauzo yakakwama, na muuzaji akataka kubaki na rupia zote 25,000 kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Mahakama ilimwachia zile 1,000 za arubuni. Zile 24,000 haikumruhusu kuzichukua kama fidia, kwa sababu hakuonyesha kuwa thamani ya mali ilishuka au kwamba alipata hasara nyingine kwa mauzo kushindikana. Kwa muda ambao mnunuzi aliikalia nyumba, muuzaji alilipwa kwa hesabu yake tofauti. Maana yake ni kwamba unasamehewa kuthibitisha hasara senti kwa senti pale ambapo ni vigumu kuipima. Husamehewi kuwa na hasara.

Sasa tuchukue mfano, niutungie tarakimu ili tuone inavyokwenda. Mama mmoja anajenga hosteli ya wanafunzi Dodoma, vyumba 40, kila kimoja akitarajia kukipangisha kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Mkandarasi anaahidi kukabidhi tarehe 30 Septemba, kabla chuo hakijafungua. Mkataba unasema shilingi milioni 1 kwa kila siku ya kuchelewa, bila kikomo. Jengo linakabidhiwa tarehe 14 Novemba, siku 45 baadaye. Kwa mkataba, anadai milioni 45.

Nikikaa naye mezani, naanza na kodi. Vyumba 40 vikijaa vinaingiza milioni 4.8 kwa mwezi, sawa na 160,000 kwa siku. Hapo natoa gharama ambazo hakuzitumia kwa kuwa jengo lilikuwa tupu, yaani maji, umeme, usafi na mlinzi, tuseme 30,000 kwa siku. Naongeza 50,000 alizoendelea kumlipa mhandisi msimamizi kwa muda uliozidi. Inabaki 180,000 kwa siku, na kwa siku 45 ni milioni 8.1.

Mara nyingi mteja ananikatiza hapa: “Wakili, na riba ya benki je?” Riba ilimuuma kweli, nayo ipo kwenye taarifa ya akaunti. Lakini kama kodi ingeingia, riba hiyo hiyo ingelipwa kutoka kwenye kodi. Ukidai kodi yote na riba juu yake, umedai kitu kimoja mara mbili, na wakili wa upande wa pili akiliona hilo, hesabu yako nzima itaanza kutiliwa shaka. Chagua moja. Kodi ndiyo huwa kubwa, na ndiyo ya kweli zaidi.

Hasara ya huyu mama, hata hivyo, haikuisha siku alipokabidhiwa funguo. Kufikia Novemba wanafunzi walishapanga kwingine na kulipa. Tuseme vyumba 25 vilikaa vitupu miezi mitatu zaidi. Hiyo ni milioni 9, na nikitoa maji na umeme usiotumika ibaki 8.4. Jumla inafika milioni 16.5. Sehemu hii ya pili ndiyo ngumu kuipima, kwani nani ajuaye kwa hakika ni wangapi wangekuja? Hapa ndipo yale maneno ya kifungu cha 74 yanapomsaidia. Akileta daftari la waliotaka vyumba na kuondoka, bei za hosteli jirani, na ushahidi kuwa alishusha bei au alijaribu kupangisha kwa watu wasio wanafunzi, mahakama inaweza kukadiria bila kumdai risiti ya kila chumba. Asipoonyesha kuwa alihangaika kupunguza hasara, ile 8.4 itakatwa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, dai lake la haki linazunguka milioni 16 au 17, wala si 45. Kumwambia hivyo si rahisi. Afadhali ayasikie kwangu kabla ya kulipia ada za mahakama kuliko kuyasoma kwenye hukumu.

Ulete mkataba huo huo Eldoret, na tarakimu zibaki hivyo hivyo kwa ajili ya mfano, mambo yanageuka. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kifungu cha 2, inapokea “common law” ya Uingereza kuhusu mikataba, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji. Hapo ule ubishi wa zamani bado una nguvu. Chimbuko lake kubwa ni shauri la Dunlop dhidi ya New Garage la 1915: muuzaji wa matairi aliahidi kulipa pauni 5 kwa kila tairi atakaloliuza chini ya bei iliyopangwa. Majaji walikiri kwamba hasara ya Dunlop kwa tairi moja haikupimika, maana kilichoharibika ni mfumo wake mzima wa bei, lakini ugumu huo haukukifanya kiasi kuwa adhabu. Kinyume chake, ugumu wa kupima ndiyo sababu nzuri ya watu kukubaliana mapema. Adhabu ingekuwa kiasi kilichopita mno hasara kubwa kabisa inayoweza kufikirika.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililegeza kipimo hicho katika mashauri mawili yaliyosikilizwa pamoja, Cavendish dhidi ya Makdessi na ParkingEye dhidi ya Beavis. Katika la pili, dereva aliyezidisha saa mbili za maegesho ya bure alitozwa pauni 85, ingawa kampuni haikupoteza kitu kwa gari lake kukaa pale. Mahakama iliona kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kuhakikisha magari yanatoka ili wengine waingie, na pauni 85 hazikuvuka mipaka ya maslahi hayo. Hukumu za namna hii haziwafungi majaji wa Nairobi, lakini hushawishi.

Kwa mwenye hosteli wa Eldoret, swali linarudi siku ya kusaini: je, milioni 1 kwa siku ilipita mno maslahi yake ya kufungua kabla ya chuo? Ikionekana haikupita, anachukua milioni 45 zote, bila hesabu ya kodi wala daftari. Ikionekana ilipita, sharti linaanguka, naye anaanza upya kuthibitisha hasara halisi, anarudi kwenye zile 16.5. Kwa mzani wangu, mara sita ya kodi ya siku, bila kikomo, ni hatari sana. Shilingi 300,000 kwa siku, zikiishia asilimia 10 ya bei ya mkataba, ningezitetea bila wasiwasi, hasa kama ile karatasi ya hesabu iliyotuongoza kufika hapo ingekuwa imeambatanishwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Dodoma pia karatasi hiyo ina kazi, kwa sababu jaji anayetafuta fidia ya haki anahitaji mahali pa kuanzia.

Kiasi kikiwa kidogo kinauma vilevile. Kama yule mama angeandika 100,000 kwa siku, angepata si zaidi ya milioni 4.5 kwa kuchelewa huko, ingawa amepoteza 16.5.

Yote haya yanahusu pesa zinazodaiwa kwa sababu mtu amevunja ahadi. Mkataba wa pango ukimpa mpangaji chaguo la kuondoka mapema kwa kulipa kodi ya miezi miwili, naye akalitumia, hakuvunja chochote. Amenunua njia ya kutokea kwa bei mliyokubaliana, na kwa kawaida mahakama haina sababu ya kuipunguza. Mwandishi wa mkataba aamue mapema ni kipi kati ya hivi viwili anakitaka, kisha aandike hivyo, akijua kwamba jaji ataangalia uhalisia wa sharti kuliko jina lililopewa.

Jambo la mwisho ninaloliangalia kwenye faili ya kuchelewa ni barua za mwenye mali mwenyewe. Kama michoro ilitoka kwake imechelewa wiki tatu, au malipo ya awamu yalikaa mwezi, au alibadilisha paa kazi ikiwa katikati, mkandarasi atasema aliyemchelewesha ni yeye. Mkataba usiokuwa na utaratibu wa kuongeza muda kwa sababu kama hizo unaweza kupoteza ile tarehe ya kukabidhi kabisa, na pasipo tarehe hakuna siku ya kwanza ya kuhesabia. Hapo kiasi cha kila siku kinakosa pa kushika, hata kingekuwa cha haki kiasi gani, na mwenye mali anabaki na dai la kawaida la hasara kwa kazi ambayo haikukamilishwa ndani ya muda unaofaa.