Kwa nini 9 Desemba na si 28: maneno ya ukaribisho

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi, karibuni sana. Tumekusanyika kabla ya kufunga shule ili kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika, na naomba niwakaribishe kwa kusahihisha mambo ambayo hata sisi watu wazima huyakosea.

Wengi huamini kwamba 9 Desemba 1961 ndiyo siku Waingereza walipokubali kuondoka. Sivyo. Walikubali miezi mingi kabla, Machi mwaka huohuo, katika mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam kati ya ujumbe wa Mwalimu Nyerere na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod. Hapo ilipangwa Tanganyika ipate serikali ya ndani tarehe 1 Mei na uhuru kamili tarehe 28 Desemba. Naam, 28! Siku tatu baada ya Krismasi.

Wengine hudhani basi Dar es Salaam na London zingeweza kuibadili tarehe hiyo kwa kupeana mikono tu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, wanangu. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, Mwingereza akiitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo udhamini ule ulipaswa kufutwa na Baraza Kuu lenyewe. Aprili 1961 Baraza lilipitisha azimio namba 1609, nalo likaandika 28 Desemba. Serikali mbili zilipokubaliana kuiwahisha tarehe, ilibidi suala lirudi New York. Tarehe 6 Novemba likapita azimio namba 1642, likiweka 9 Desemba. Ukiyasoma maazimio hayo mawili kwa pamoja, badiliko unaliona wazi. Tarehe 14 Desemba Tanganyika ikapokelewa kuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa tarehe ya zamani, siku hiyo tungekuwa bado chini ya bendera ya Mwingereza.

Lipo pia kosa la kusema Tanzania ilipata uhuru siku hiyo. Tanzania haikuwapo. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Desemba 1963, na Muungano ukaja 26 Aprili 1964.

Wala Malkia hakuondoka usiku ule. Aliendelea kuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Jenerali, Sir Richard Turnbull, hadi Tanganyika ilipokuwa jamhuri 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baadaye.

Bendera yetu ya kijani, nyeusi na dhahabu ilipandishwa saa sita ya usiku, Ijumaa ikiingia Jumamosi, taa za uwanja zikiwa zimezimwa kisha zikawashwa. Kiranja mkuu, njoo utuongoze. Wageni wetu, naomba tusimame kwa wimbo wa taifa.