Mashine ya kilo 200 kwa saa haikupi kilo 200 kwa saa

Nachambua maombi ya mikopo ya mashine na hii moja imenichosha kabisa, kila wiki inarudi mezani. Mtu anachukua uwezo wa mashine ulioandikwa kwenye profoma ya bei ya muuzaji, anazidisha kwa masaa 8, anazidisha kwa siku 26, anaandika jibu kama uzalishaji wake mpya na anapiga hesabu ya marejesho humo humo.

Dhana: Uwezo wa mashine ndio uzalishaji wangu

Hapana jamani. Hiyo namba ni ya mtengenezaji, mashine ikiwa mpya, malighafi kavu na safi, inalishwa bila kusimama.

Chukua mkamuaji wa alizeti mwenye mashine ya kilo 60 kwa saa anayeomba mkopo wa mashine ya kilo 200. Kwenye ombi kaandika kilo 41,600 kwa mwezi. Sasa fungua daftari lake la kazi, utakuta kwa mashine ya sasa anakamua kilo 9,360 hivi kwa mwezi, wakati kwa hesabu yake ya masaa 8 ilitakiwa iwe 12,480. Gawanya hiyo 9,360 kwa siku 26, kisha kwa kilo 60, utaona mashine inakamua kweli masaa 6 tu kwa siku, mengine yanaishia kwenye kuipasha moto, kusafisha, umeme kukatika na kusubiri mzigo. Mashine mpya itaingia kwenye karakana ile ile yenye matatizo yale yale, kwa hiyo weka masaa 6 na ile 41,600 inashuka hadi 31,200.

Na bado hatujamaliza, maana swali langu la pili ni mbegu zinatoka wapi? Akikaa na wauzaji wake anagundua anaweza kupata tani 18 kwa mwezi basi. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, kwa sababu uzalishaji unafuata kile kilicho kidogo kuliko vyote kati ya mashine, malighafi na wateja wa kununua mafuta. Kutoka tani 9 na kidogo kwenda 18 ni karibu mara mbili, sio mara nne na nusu kama alivyoandika. Na angalia hapo, mashine ya kilo 120 kwa saa kwa masaa 6 siku 26 inatoa kilo 18,720, inamtosha! Ile ya 200 angelipia uwezo ambao ungekaa bure zaidi ya theluthi ya mwezi huku rejesho linadai lote.

Kingine wanachosahau ni kwamba hizo tani za ziada zinanunuliwa kwa keshi na mkopo wa mashine haununui mbegu, hela inakwenda moja kwa moja kwa muuzaji wa mashine. Kama huna mtaji wa kuendeshea, mashine inafika, inafungwa na inasimama. Sisi rejesho tunalipima kwa faida inayobaki baada ya mbegu, umeme, vibarua na matengenezo, na wakopeshaji wengi wanataka hicho kinachobaki kiwe angalau mara 1.25 ya rejesho. Ushauri wangu ambao nampa kila mtu: ambatanisha daftari la miezi 12, hata la mkono, na omba rejesho la kwanza lianze baada ya mashine kufungwa na kujaribiwa, sio siku muuzaji amelipwa.

Dhana: Mashine yenyewe ni dhamana tosha

Ni dhamana ndiyo, ila tunaipima kwa bei itakayopatikana ikiuzwa haraka, sio bei uliyonunulia. Mashine ya kawaida inayohamishika ina wanunuzi, ile iliyotengenezwa kwa oda yako na kufungwa kwenye zege haina. Ndiyo maana utaambiwa uchangie kiasi chako, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, uwe na bima inayomtaja mkopeshaji kuwa wa kwanza kulipwa, na wakati mwingine mdhamini au mali nyingine juu yake.

Dhana: Profoma tatu ni za kutimiza utaratibu tu

Basi watu wanaleta tatu zilizotoka kwa mtu mmoja, makosa ya herufi yale yale, tunaona! Tunazitaka ili tujue bei ni ya kweli, na hazilinganishiki kama moja ina usafiri, kodi na ufungaji na nyingine ni mashine tupu, maana hiyo ya bei ndogo ikishaongezewa hivyo vyote inaweza kuwa ndiyo ghali. Ziombe zote kwa modeli yenye uwezo ule ule, ziandikwe mwaka wa kutengenezwa, waranti na nani anafunga, halafu angalia tarehe ya mwisho ya bei. Nyingi zinaisha ndani ya siku 30, na ikipita kabla mkopo haujaidhinishwa muuzaji akapandisha, tofauti hiyo unaitoa mfukoni kwako.